Mteja akisema "jana uliniambia": njia tatu za boti kumrekebisha bila kumvunjia heshima

Asubuhi, saa tatu kasoro, meseji inaingia kwenye WhatsApp ya duka la vyombo vya nyumbani, Dar es Salaam:

> Habari za asubuhi. Jana mliniambia kuletewa Morogoro ni bure. Leo naona 15,000. Vipi tena?

Anayepokea si mtu, ni boti (ya mazungumzo, si ile ya kwenda Zanzibar). Na jana, saa mbili na dakika arobaini usiku, mazungumzo yalikuwa hivi:

> Mteja: Nikichukua jiko la gesi la plati mbili, kuletewa ni bure?
>
> Boti: Ndiyo, mzigo wa kuanzia 150,000 unaletwa bure ndani ya Dar es Salaam. Kwa mikoani tunatuma kwa basi na mteja analipia usafirishaji. Morogoro ni 15,000.

Kwa hiyo mteja amekosea. Lakini tazama alivyokosea. Arifa inayotokea juu ya simu huonyesha mwanzo wa meseji tu, na mwanzo wa meseji hii ni "Ndiyo, mzigo wa kuanzia 150,000 unaletwa bure". Aliyesoma hapo akaweka simu mezani hajadanganya mtu. Katika kazi yangu ya kuandika majibu ya boti za maduka, madai mengi ya "jana uliniambia" huwa ya namna hii: nusu ya kweli iliyokatwa mahali pabaya.

Mfano huu ni wa kutunga, nimeurahisisha ili njia zote tatu zipimwe kwa mteja mmoja na jiko moja. Njia zenyewe ni hizi: boti ikiri kwamba haioni mazungumzo ya jana, boti ifungue kumbukumbu na kunukuu, au boti iache la jana na kujibu la leo.

Kwanza, njia mbili ambazo hazimo kwenye ulinganisho

Ya kwanza ni kukubali tu: "Samahani, nilikosea jana." Modeli za lugha, yaani programu zinazotunga majibu ya boti, zina mwelekeo huo, kwa sababu sehemu ya mafunzo yao hutokana na watu wanaopima majibu, na watu hupenda jibu linalokubaliana nao. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ilirudisha nyuma toleo jipya la modeli yake ya GPT-4o baada ya kuonekana linamkubalia mtumiaji kupita kiasi. Dukani kwetu ukubali huo una bei: mteja sasa ana maandishi ya duka yanayokiri kwamba liliahidi usafiri wa bure.

Ya pili ni kukana kwa ukali. Februari 2023 boti ya Bing, mtambo wa utafutaji wa Microsoft, ilimbishia mtumiaji kwamba mwaka bado ni 2022, ikaendelea kushikilia na kumwambia hajawa mtumiaji mwema. Boti inayosema "Sikusema hivyo" ilhali haina hata meseji moja ya jana mbele yake inasema uongo uleule wa yule anayekubali. Zote mbili zinadai kukumbuka jambo zisilolikumbuka.

Hapo ndipo penye shina la jambo lote. Modeli ya lugha haina jana. Kila meseji inapoingia, programu ya duka huipelekea modeli orodha ya meseji, modeli inajibu, basi. Kama orodha hiyo ilianza leo asubuhi, mazungumzo ya jana hayapo, hata kama mteja anayaona juu kidogo kwenye simu yake. Yeye anaona uzi mmoja usiokatika. Boti inaona kipande.

Vigezo vinne

Nitauliza maswali yaleyale kwa kila njia. Je, boti inasema kile tu inachokiona? Je, mteja anabaki na heshima yake? Akitaka kubisha, ana pa kushika? Na mwisho, inahitaji kujengwa nini nyuma ya pazia?

Kigezo cha heshima kinataka maelezo kidogo, maana Kiswahili kina vifaa vyake ambavyo boti nyingi hazivitumii. Kuna "pole" na kuna "samahani". "Pole" inashiriki usumbufu wa mtu bila kukiri kosa. "Samahani" inaomba radhi, na aghalabu aliyekosa ndiye anayeomba radhi. Majibu yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza huyachanganya haya mawili, kwa kuwa kule neno ni moja. Ndiyo maana unakuta boti inaomba samahani kwa kosa isilolifanya, au inampa pole mteja ambaye imemkosea yenyewe.

Kuna pia tofauti ya "hukuelewa" na "haikueleweka". La kwanza linamnyooshea mteja kidole. La pili linaliweka kosa kwenye meseji. Katika mfano wetu la pili ni kweli zaidi, si adabu tupu: meseji iliyoanza kwa "Ndiyo" kisha ikaweka sharti mwishoni haikuandikwa vizuri.

Njia ya kwanza: kukiri kutoona

> Pole kwa usumbufu. Mazungumzo ya jana siyaoni hapa, kwa hiyo siwezi kusema niliandika nini. Bei iliyopo ni hii: ndani ya Dar es Salaam ni bure kwa mzigo wa kuanzia 150,000, na Morogoro ni 15,000 kwa basi. Kama meseji ya jana unayo, iguse na uijibu hapahapa, nitaifikisha kwa mhudumu.

*Ukweli.* Hapa njia hii haina mshindani. Haikani wala haikubali, na inataja bei ambayo boti inaijua kweli.

*Heshima.* Inategemea mpangilio. Ukianza na "siwezi kuona", mteja husikia anafukuzwa. Ukianza na pole na kumalizia na njia ya kusonga mbele, husikia anahudumiwa. Hata hivyo wapo watakaokasirika: "Mbona mimi naiona hapa juu?" Ni swali la haki, na boti isijaribu kutoa somo la jinsi modeli zinavyofanya kazi. Sentensi moja inatosha: "Wewe unaiona kwenye simu yako, mimi huanza upya kila siku."

*Pa kubishia.* Pako, kwa sharti kwamba mlango wa mhudumu upo kweli. Nimewahi kuona jibu zuri la aina hii likimwelekeza mteja kwa mhudumu ambaye namba yake ilikuwa imezimwa tangu mwezi uliotangulia. Hapo adabu yote ikageuka kejeli.

*Kinachohitajika.* Karibu si kitu. Maelekezo machache kwa modeli, kwa mfano: "Mteja akidai ulisema jambo siku iliyopita, na meseji hiyo haimo kwenye orodha uliyopewa, usikubali na usikane. Sema huioni, taja bei ya sasa, toa njia ya mhudumu." Yajaribu kwa madai kumi ya uongo na kumi ya kweli kabla ya kuyaachia wateja. Kosa linaloonekana haraka ni modeli kutii vizuri mara ya kwanza, kisha mteja akisisitiza mara ya tatu inalegea na kusema "uko sahihi". Jaribu kusisitiza.

*Inamfaa nani.* Duka dogo lisilo na fundi wa programu, na biashara yoyote isiyohifadhi mazungumzo.

Njia ya pili: kufungua kumbukumbu na kunukuu

> Ni kweli, jana saa 2:40 usiku niliandika neno "bure". Meseji nzima ilikuwa hii: "Ndiyo, mzigo wa kuanzia 150,000 unaletwa bure ndani ya Dar es Salaam. Kwa mikoani tunatuma kwa basi na mteja analipia usafirishaji. Morogoro ni 15,000." Sharti la mikoani lilikuja mwishoni, ndiyo maana halikuonekana wazi. Ungependa nikutumie kwa basi la leo, au utachukua mwenyewe ukija Dar?

Angalia mfuatano. Kwanza inashikwa sehemu ya madai iliyo kweli. Kisha nukuu nzima, bila kukatwa. Kisha sababu ya kutoeleweka, na mwisho jambo la kufanya. Neno "lakini" halimo, na nimeliacha kwa makusudi: "Ni kweli, lakini..." mteja huisikia kuanzia "lakini".

*Ukweli.* Ni imara kama kumbukumbu zenyewe zilivyo imara, na hapa ndipo penye mitego.

Mtego wa kwanza ni neno "jana". Seva nyingi huandika saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Meseji iliyotumwa saa nane usiku wa kuamkia leo kwenye seva imeandikwa saa 23:00 ya tarehe ya jana. Kwa upande wa pili, meseji ya saa nane usiku wa kuamkia jana seva inaiweka juzi. Ukimwambia mfumo utafute tarehe ya jana, utaikosa, na boti itamwambia mteja kwa upole kabisa kwamba hakuna mazungumzo ya namna hiyo. Ongeza kwamba mtu aliyekesha hadi alfajiri huuita usiku ule "jana usiku", tarehe iseme itakavyo. Dawa ni kutotafuta kwa tarehe. Tafuta saa 48 zilizopita kwa namba hiyo ya simu, kisha chuja kwa maneno.

Mtego wa pili ni saa yenyewe. Mteja akiandika "jana saa tatu" anaweza kumaanisha asubuhi au usiku, na mashine iliyozoea saa ya Kizungu itatafuta saa 03:00 alfajiri. Boti inapojibu nayo iandike saa ya Kiswahili pamoja na "usiku" au "asubuhi". Ukimwandikia mama wa Morogoro kwamba alizungumza na duka saa 20:40, umempa hesabu ya kufanya katikati ya ugomvi.

Mtego wa tatu ni modeli kufupisha badala ya kunukuu. Ukiipa kumbukumbu na kuiambia "mkumbushe mteja", inaweza kuandika kwa maneno yake na kubadilisha sharti. Nukuu isipitie kwenye modeli. Programu iitoe kwenye hifadhi na kuibandika kama ilivyo, modeli iandike tu sentensi za kabla na baada.

Kuna njia rahisi ya kuepuka mitego miwili ya kwanza: mwombe mteja aguse meseji ya jana na kuijibu. Kwenye mfumo wa WhatsApp wa biashara, jibu la namna hiyo hufika kwenye seva likiwa na alama ya meseji iliyojibiwa:

```json
"context": {
  "from": "...",
  "id": "wamid..."
}
```

Ukiwa umehifadhi kila meseji kwa `id` yake, unaipata ileile aliyoigusa. Hakuna kukisia siku wala saa.

*Heshima.* Ni kali kuliko nyingine. Nukuu ni ushahidi, na ushahidi mbele ya mtu aliyekosea humwaibisha hata ukifunikwa na maneno mazuri. Kwa jambo la shilingi 15,000 huenda inastahili. Kwa mteja aliyesema tu "jana ulinisalimia vizuri zaidi", kumfungulia jalada ni ukorofi.

Lipo na hili: simu moja huweza kuwa ya watu wawili. Jana aliyeuliza ni mke, leo anayelalamika ni mume aliyesikia habari mezani. Nukuu ya jiko haina madhara. Nukuu ya dawa au ya mkopo inaweza kuwasha moto ndani ya nyumba, na boti haitajua.

*Pa kubishia.* Pazuri. Mteja ana maandishi yaleyale kwenye simu yake na anaweza kulinganisha. Tena kumbukumbu hukata pande zote mbili: ikionyesha kwamba boti ndiyo iliyokosea, duka halina pa kujificha. Abiria mmoja wa Kanada aliuliza boti ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli nafuu ya msiba, akaambiwa anaweza kuomba punguzo ndani ya siku 90 baada ya tiketi kutolewa. Sera yenyewe ilikuwa tofauti, na shirika likakataa kulipa. Yeye alikuwa na skrinshoti. Shirika likajitetea kwamba boti inawajibika kwa matendo yake yenyewe, hoja ambayo baraza la madai la British Columbia liliikataa Februari 2024, na shirika likaamriwa kulipa dola za Kanada zaidi ya 800. Fikiria boti ile ingekuwa imefundishwa kumrekebisha kwa upole kila anayedai jambo lisilolingana na sera. Ingemrekebisha mtu aliyesema kweli.

Kwa hiyo kipimo cha kurekebisha ni kile kilichoandikwa jana. Sera inasema nini ni swali jingine, na boti ikiyachanganya haya mawili itamkana mteja mkweli kwa tabasamu.

*Kinachohitajika.* Hifadhi ya meseji, fundi wa kuiunganisha, na uangalizi wa sheria. Mazungumzo yenye namba ya simu ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa hizo tangu 2019, na ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Amua mapema utahifadhi kwa muda gani na nani anaruhusiwa kusoma.

*Inamfaa nani.* Anayepokea oda na malipo ndani ya mazungumzo, mahali ambapo neno la jana lina thamani ya fedha leo.

Njia ya tatu: kuacha la jana, kujibu la leo

> Asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Kutuma Morogoro ni 15,000 kwa basi, bure ni kwa ndani ya Dar es Salaam tu. Nikuandalie kwa bei hiyo, au nikuunganishe na mhudumu muizungumze?

*Ukweli.* Haisemi uongo, ila inanyamazia dai. Wengine wataona huko ni kukwepa. Mimi naona inakubalika pale ambapo aliyesema nini hakubadilishi chochote, na haikubaliki mteja akiwa amekwisha kulipa kwa kuamini alichosoma.

*Heshima.* Ni laini kuliko zote, na ndivyo muuza duka mzoefu anavyofanya. Mteja akimwambia "jana ulinipa kwa elfu kumi", habishani kuhusu jana. Anasema "leo imefika kumi na mbili, nikufungie ngapi?"

*Pa kubishia.* Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Mteja mpole ataondoka akiamini amedhulumiwa, bila kujua kwamba meseji ya jana ilikuwa na sentensi ya pili. Hilo neno "mhudumu" mwishoni ndilo linaloiokoa njia hii. Liondoe na unabaki na ukuta.

*Kinachohitajika.* Orodha ya bei iliyo sahihi leo, na mtu wa kupokea.

*Inamfaa nani.* Maswali madogo ya bei na ratiba, na sehemu nyeti ambako kunukuu ni hatari.

Uchague ipi, kwa hali gani

Huhifadhi mazungumzo: uko kwenye njia ya kwanza au ya tatu, na kinachoamua ni uzito wa dai. Mteja anauliza tu, tumia ya tatu. Mteja anadai fedha au ahadi, tumia ya kwanza, maana kunyamazia dai la fedha huonekana ujanja.

Unahifadhi, na duka lako linauza vitu vya kawaida: anza na ya tatu, na mteja akirudia dai lake mara ya pili nenda kwenye ya pili. Usimfungulie jalada kwa neno la kwanza.

Unahifadhi, lakini ni zahanati, mkopo au shauri la familia: usinukuu kabla ya kujua nani ameshika simu. Njia ya kwanza inafaa ikibadilishwa kidogo. Usiseme "siyaoni" kama unayaona. Sema "mazungumzo ya siku zilizopita hayafunguliwi hapa bila uthibitisho", kisha mpeleke kwa mtu.

Hujui kama kumbukumbu zako ni kamili, labda mfumo ulizimika usiku ule: ichukulie kana kwamba huna. Kumbukumbu yenye tundu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu boti itasema "hakuna" kwa sauti ya uhakika.

Na mteja akituma skrinshoti inayopingana na boti, katika njia yoyote kati ya hizi, urekebishaji unaishia hapo. Boti isiipime kama ni ya kweli au ya kughushi. Iandike: "Nimeipokea. Naifikisha kwa mhudumu pamoja na kumbukumbu zetu, atakujibu leo kabla ya saa kumi jioni." Halafu ahakikishwe mtu wa kujibu kabla ya saa kumi jioni.